Must, should au might? Namna ya kuchagua kwa kusoma mazungumzo yenyewe

Niliwahi kumwandikia mwenzangu wa kazini ujumbe kwa Kiingereza. Alikuwa ameniuliza kama aje Jumamosi kunisaidia kupanga mafaili. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo na sikutaka kumharibia mapumziko, kwa hiyo nikamjibu: *You mustn't come on Saturday.* Kichwani mwangu nilikuwa nimesema "si lazima uje". Yeye alisoma "marufuku kuja". Jumatatu akaja mezani kwangu, akaniuliza kwa upole kama kuna jambo amenikosea.

Nilijua *must* maana yake ni lazima, na nilijua *not* inakanusha. Nikaunganisha viwili hivyo kama tunavyounganisha "si" na "lazima", nikapata sentensi isiyo na kosa la sarufi ila yenye maana nyingine kabisa. Tangu hapo nimesahihisha mazoezi mengi ya kujaza nafasi zilizo wazi, yale ya mazungumzo mafupi ya watu wawili, na makosa ninayoyakuta yanatoka palepale: neno moja la Kiswahili linabeba kazi mbili au tatu ambazo Kiingereza kimezigawa kwa maneno tofauti.

Mwongozo huu unafuata njia ninayoitumia kila ninapokutana na pengo. Mwishoni tutafanya mazungumzo mazima pamoja, pengo kwa pengo.

Hatua ya 1: Jiulize, huyu anaagiza au anakisia?

Kabla hujafikiria neno lolote la Kiingereza, soma mazungumzo yote na ujiulize swali hili moja. Vitenzi visaidizi hivi vina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuagiza, kushauri, kukataza au kuruhusu, yaani msemaji anagusa kile mtu atakachofanya. Kazi ya pili ni kukisia, yaani msemaji hana habari kamili na anapima ukweli wa jambo kwa dalili alizonazo. *Must* inafanya zote mbili, na *should* pia.

Kiswahili nacho kiko hivyohivyo. Tunasema "lazima uondoke saa hizi", ambayo ni amri, na tunasema "taa zinawaka, lazima yupo ndani", ambayo ni kisio. Hakuna anayemwamuru mtu yule awepo ndani. Kwa hiyo tafsiri ya moja kwa moja inasaidia hapa: ukisoma sentensi na ukaona inakubali "kwa dalili hizi, naona", ni kisio. Ikikubali "anatakiwa" au "anashauriwa", ni agizo.

Tazama jozi hii:

> *You must be tired. You've been driving all night.*
> *You must be quiet. People are sleeping.*

Umbo ni lilelile, *must be*. Ya kwanza inasema "lazima umechoka", kwa kuwa umeendesha gari usiku kucha. Ya pili inasema "ni lazima unyamaze", kwa kuwa watu wamelala. Sentensi inayofuata ndiyo inayokuambia. Baada ya kisio hufuata ushahidi, na baada ya agizo hufuata sababu ya kufanya kitu. Ndiyo maana nasisitiza kusoma mpaka mwisho: anayejaza pengo huku akisoma mstari mmoja tu anabahatisha.

Hatua ya 2: Kama ni kisio, pima ushahidi

Hapa ndipo wengi huhangaika, kwa sababu wanaambiwa *must* ni uhakika wa juu na *might* ni wa chini, kisha wanaachwa wachague kwa hisia. Huna haja ya hisia. Mazungumzo yaliyotungwa vizuri yanakupa ushahidi, na wewe unaupima. Nitabadilisha ushahidi peke yake katika mazungumzo yaleyale, uone jibu linavyohama.

> A: *Someone's knocking.*
> B: *It ___ be my sister. She said she'd come at six, and it's exactly six now.*

Dada aliahidi kuja saa kumi na mbili, saa ni hiyohiyo, na mlango unagongwa. Dalili zote zinaelekea kwa mtu mmoja. Jibu ni *must*.

> B: *It ___ be my sister. She sometimes drops in on Sundays.*

Neno la kuangalia ni *sometimes*. Wakati mwingine hupita, wakati mwingine hapiti. Anayegonga anaweza kuwa dada, anaweza kuwa jirani. Jibu ni *might*, na *may* au *could* pia zinakubalika. Tofauti kati ya hizo tatu ni ndogo sana katika kisio la aina hii, kwa hiyo usipoteze muda kuitafuta, labda kama zoezi limeeleza kwamba linaitaka.

> B: *It ___ be my sister. She's abroad until Friday.*

Yuko nje ya nchi. Haiwezekani awe yeye. Jibu ni *can't*. Wengi huandika *mustn't* hapa wakidhani ni kinyume cha *must*, na huo ndio mtego tutakaourudia katika hatua ya 4.

Sasa ondoa mlango kabisa. Hakuna anayegonga, na A anauliza tu dada atafika lini:

> A: *What time will your sister get here?*
> B: *She ___ be here by six. Her bus left on time.*

Hatuna dalili yoyote kwamba amefika. Tuna mpango, na mpango unaendelea vizuri. Hapo ndipo *should* ya kukisia inapokaa: "mambo yakienda kama yalivyopangwa, saa kumi na mbili atakuwa hapa". Kwa hiyo *must* inasimama juu ya alama unazoziona au kuzisikia, na *should* inasimama juu ya ratiba, mazoea au matarajio. Ukumbuke pia kwamba *should* hii hupenda mambo tunayoyatarajia kwa kuridhika. Kusema *the exam should be easy* kunakubalika masikioni. *The exam should be terrible* inasikika vibaya, kwa sababu msemaji anaonekana kama anangojea balaa kwa hamu. Kwa jambo baya tumia *will probably* au *might*.

Kuna kitu kingine kuhusu *must* ambacho kinashangaza mwanzoni. Mtu anayejua kwa hakika haitumii. Kama nimemwona dada kwa macho yangu, nitasema *it's my sister*, basi. *It must be my sister* ni maneno ya mtu ambaye bado hajafungua mlango. Kiswahili kinakubaliana: "ni dada" ina nguvu kuliko "lazima ni dada". Kwa hiyo ukiona katika mazungumzo kwamba msemaji ameshaona au ameshathibitisha, usitafute kitenzi kisaidizi chochote.

Ukitaka kuhakikisha chaguo lako, ongeza mkia huu mwishoni mwa sentensi: "lakini sina uhakika". *It might be my sister, but I'm not sure* inakaa vizuri. *It must be my sister, but I'm not sure* inajipinga. Kama mazungumzo yenyewe yana maneno kama *I'm not sure*, *perhaps*, *I don't know*, basi *must* imeshatoka. Kama yana *I'm sure*, *certainly* au ushahidi usioacha mlango mwingine wazi, *might* imetoka.

Mitego miwili inayotoka kwenye Kiswahili chetu

Mtego wa kwanza ni "-weza". Sisi tunasema "anaweza kuogelea" na "mvua inaweza kunyesha leo" kwa kitenzi kilekile. Kwa hiyo mwanafunzi anaandika *It can rain today*, na mwalimu anachora mstari mwekundu bila kueleza. Maelezo ni haya: *can* katika sentensi ya kukubali inasema jambo linaloweza kutokea kwa ujumla, au uwezo. *It can rain here in any month* ni sahihi, kwa kuwa inaeleza tabia ya mahali. Lakini kwa mvua ya leo, jambo moja mahususi ambalo huna hakika nalo, unahitaji *might*, *may* au *could*. Kipimo changu ni kubadilisha "inaweza" kwa "huenda". Ukisema "huenda mvua ikanyesha leo" na maana ikabaki ileile, *can* haifai. Ukisema "huenda akaogelea" badala ya "anaweza kuogelea" maana imevunjika, kwa hiyo hapo *can* ni halali.

Mtego wa pili ni "atakuwa". Tunapokisia jambo la sasa hivi, Kiswahili hupenda sana wakati ujao: "Hajibu simu, atakuwa amelala." Mwanafunzi anaona "ta" na mkono unaandika *will*. Kiingereza nacho kina *will* ya namna hiyo, *he'll be asleep by now*, na si kosa. Ila zoezi likikupa *must* kati ya machaguo, na mbele yako kuna dalili kama simu isiyojibiwa, anayetafutwa ni *must*: *He must be asleep.* Kila "atakuwa" isiyozungumzia kesho isimamishe kwanza na uiulize inafanya kazi gani.

Hatua ya 3: Kama ni agizo, tafuta lililo nyuma yake

Upande huu ni mwepesi kidogo. Unauliza: asipofanya, kuna nini? Kukiwa na sheria, kanuni, hatari kubwa au mamlaka ya msemaji, unaelekea *must* au *have to*. Kukiwa na maoni tu, unaelekea *should*.

> A: *I've had this headache for three days.*
> B: *I think you ___ see a doctor.*

*I think* inatangaza maoni. B hana mamlaka juu ya A. Jibu ni *should*. Sasa msikie daktari mwenyewe:

> A: *I feel much better. Can I stop taking the tablets?*
> B: *No. You ___ finish them all, or the infection will come back.*

Kuna "hapana" ya wazi, kuna madhara yaliyotajwa, na anayesema ana mamlaka. Jibu ni *must*.

Mkia wa kupima upande huu ni "lakini ni juu yako". *You should see a doctor, but it's up to you* ni mazungumzo ya kawaida ya marafiki. *You must finish them all, but it's up to you* haiwezi kutoka kinywani mwa daktari.

Kati ya *must* na *have to*, watu huambiwa kwamba *must* inatoka ndani ya msemaji na *have to* inatoka nje, kwenye kanuni. Ni kweli kwa sehemu. *I must phone my mother* inasikika kama dhamiri ya mtu mwenyewe, na *I have to wear a uniform* inasikika kama sharti la mwajiri. Lakini mara nyingi zote mbili zinafaa, na katika mazungumzo, hasa ya Wamarekani, *have to* ndiyo inayosikika zaidi kwa wajibu, huku *must* ikibaki kwenye matangazo na masharti yaliyoandikwa: *Visitors must sign in.* Kama zoezi lina *must* na *have to* kwa pamoja na sentensi haina dalili yoyote, usijilaumu ukikwama. Mtungaji ndiye aliyepaswa kukupa dalili.

Angalia pia unayezungumza naye. Kumwambia mkubwa wako *you must send me the report* ni kumtuma. *Could you send me the report?* ndiyo heshima. Lakini *you must come and see us!* kwa rafiki si amri hata kidogo. Ni ukarimu, sawa na sisi tunavyomshikilia mgeni tukimwambia "lazima urudi tena".

Hatua ya 4: Ukifika kwenye ukanushi, punguza mwendo

Hapa ndipo ujumbe wangu wa Jumamosi ulipoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Katika Kiswahili, kukanusha kunaweza kuangukia sehemu mbili. "Si lazima uje" inakanusha ulazima: ulazima haupo, uamuzi ni wako. "Ni lazima usije" inakanusha kuja: ulazima upo, na unachotakiwa ni kutokuja. Tunazitofautisha kwa kuhamisha ukanushi. Kiingereza hakihamishi, kinabadilisha kitenzi. Ya kwanza ni *you don't have to come* au *you needn't come*. Ya pili ni *you mustn't come*. *Mustn't* haisemi kamwe "si lazima". Ni katazo.

Swali la aina hii hupenda kutumika kama mtego:

> A: *Must I finish this today?*
> B: *No, you ___. Tomorrow is fine.*

Swali limeanza na *must*, kwa hiyo jicho linavutwa kujibu *mustn't*. Soma *Tomorrow is fine*. Kesho pia inafaa, kwa hiyo hakuna ulazima wa leo, na jibu ni *don't have to* au *needn't*. Ukiandika *mustn't* umemkataza asimalize leo.

Upande wa kisio, kinyume cha *must* ni *can't*. "Lazima ni yeye" ni *it must be him*, na "haiwezi kuwa yeye" ni *it can't be him*. *Couldn't* inaweza kufanya kazi hiyohiyo. Kumbuka hapa kwamba *could* na *might*, ambazo zilikuwa ndugu wakati wa kukubali, zinaachana zikikanushwa. *She might not be at home* ni "huenda hayupo nyumbani", mlango bado uko wazi. *She couldn't be at home* ni "haiwezekani awe nyumbani", mlango umefungwa.

Neno la Kiswahili la kulitilia shaka zaidi ni "hupaswi". Mtu akisema "hupaswi kulipa", huenda anamaanisha huduma ni ya bure, au huenda anakushauri usikubali kulipa. La kwanza ni *you don't have to pay*. La pili ni *you shouldn't pay*. Tafsiri yako ya kichwani ikikuletea "hupaswi", usiende nayo moja kwa moja kwenye Kiingereza. Ibadilishe kwanza iwe ama "huna haja ya" ama "si vizuri" ama "ni marufuku", kisha ndipo uchague: *don't have to*, *shouldn't*, *mustn't*.

Hatua ya 5: Kama jambo limeshapita

*Must* ya wajibu haina umbo la wakati uliopita. Sababu yake ni ya kihistoria: *must* yenyewe ilikuwa umbo la wakati uliopita la kitenzi cha Kiingereza cha kale, na kitenzi kile cha asili kikafa kikaliacha umbo hilo lifanye kazi ya wakati uliopo. Kwa hiyo wajibu wa jana unaazima *had to*. "Ilibidi niondoke mapema jana" ni *I had to leave early yesterday*.

Kisio kuhusu lililopita linafuata njia nyingine: kitenzi kisaidizi, kisha *have*, kisha umbo la tatu la kitenzi. *He must have left* ni "lazima ameshaondoka". *He might have left* ni "huenda ameondoka". *He can't have left* ni "haiwezekani awe ameondoka", tuseme kwa sababu gari lake bado lipo.

*Should have* ndiyo inayohitaji uangalifu. *He should have left* kwa kawaida inabeba lawama au majuto: alitakiwa aondoke na hakuondoka. Inafanana na "angeondoka mapema" tunayoisema kwa kusikitika. *Had to* haina lawama, na inaeleweka kwamba jambo lilifanyika. "Alipaswa kuondoka" ya Kiswahili inaweza kubeba zote mbili, kwa hiyo uliza kila mara: alifanya au hakufanya?

Umbo, kwa haraka

Baada ya *must*, *might*, *should*, *can* na *could* kitenzi kinakaa kikavu: bila *to*, bila *-s*, bila *-ed*. *She must go*, si *she must to go* wala *she musts go*. *Have to* haimo katika kundi hili, inabadilika kama kitenzi cha kawaida: *she has to go*. Usiweke viwili mfululizo: badala ya *might can* andika *might be able to*. Na *maybe* ni neno moja linalokaa mwanzo wa sentensi kama "labda", wakati *may be* ni maneno mawili yanayokaa mahali pa kitenzi: *Maybe she's ill*, *She may be ill*.

Mazungumzo mazima, pengo kwa pengo

Haya ni mazungumzo ya wafanyakazi wawili wanaotafuta ufunguo wa stoo. Yajaze kwanza peke yako, kisha endelea kusoma.

> A: *The store room is locked. Who has the key?*
> B: *Ask the cleaner. She (1) ___ have it. I'm not sure, but I saw her in there yesterday.*
> A: *I've just asked her. She says she gave it to you at eight.*
> B: *That (2) ___ be right! I only arrived ten minutes ago.*
> A: *Then she (3) ___ have given it to someone else. She certainly hasn't got it now.*
> B: *Try the front desk. It's the rule here: we (4) ___ leave all keys there.*
> A: *It isn't there. Whoever took it (5) ___ have signed the book, but nobody did.*
> B: *Well, you (6) ___ wait for it. I've got a spare in my drawer.*
> A: *Thank you! Can I take it home tonight?*
> B: *No, sorry. It (7) ___ leave the building.*

Pengo la 1 ni kisio, na B ametangaza mwenyewe *I'm not sure*. Kumwona mtu stooni jana ni dalili nyepesi. *Might*, *may* au *could*. Ukiweka *must*, maneno yanayofuata yanakupinga papo hapo.

Pengo la 2 ni kisio la kukanusha. Saa mbili asubuhi B hakuwepo, kwa hiyo habari hiyo haiwezi kuwa ya kweli. *Can't*. Ukiandika *mustn't* umeikataza habari isiwe ya kweli, jambo lisilo na maana.

Pengo la 3 ni kisio la lililopita, ndiyo maana kuna *have given*. Hana ufunguo, B hakupewa, na yeye anasema aliutoa. Limebaki jambo moja tu: alimpa mtu mwingine. *Must*. Mtu makini anaweza kudai kwamba huenda aliuangusha, kwa hiyo *might* nayo si upuuzi. Ila neno *Then*, "basi kama ni hivyo", linaonyesha kwamba A anatoa hitimisho, na mhitimishaji hutumia *must*.

Pengo la 4 ni agizo, na kanuni imetajwa kwa jina lake, *the rule*. *Have to* au *must*. *Should* ingeishusha kanuni ikawa ushauri.

Pengo la 5 ndilo linalowaangusha wengi. Kuna *have signed*, na baada ya pengo la 3 mkono umeshazoea *must*. Lakini *must have signed* inasema "lazima alisaini", na mstari unaishia *nobody did*, hakuna aliyesaini. Sentensi ingejikana. Hapa kuna lawama: alitakiwa kusaini na hakusaini. *Should*.

Pengo la 6: ufunguo wa akiba upo, kwa hiyo haja ya kungoja haipo. *Don't have to* au *needn't*. Rudi kwenye kipimo cha "hupaswi" kama una shaka: je, kungoja ni marufuku, au hakuna haja tu?

Pengo la 7: *No, sorry* ni kukataa, na kinachokataliwa ni ufunguo kutoka nje ya jengo. *Mustn't*, au *can't* ya kutoruhusu. Ukiweka *doesn't have to leave the building*, umesema si lazima utoke ila ukitoka sawa, na A ataondoka nao jioni akiamini ameruhusiwa.